Mafunzo Niliyopata Katika Barua Tatu za Ramadhani

Chama chetu ni kidogo: watu sita, daftari moja la mapato na chumba cha kuazima hapa Tanga. Tunawalipia nauli kina mama wanaopeleka hospitalini watoto wenye mguu kifundo, wale wanaozaliwa nyayo zimegeukia ndani. Kwa njia aliyoianzisha daktari Ignacio Ponseti kule Iowa, Marekani, mguu wa mtoto hunyooshwa kwa mkono kidogo kidogo, ukafungwa hogo. Baada ya wiki moja hogo hufunguliwa, mguu ukanyooshwa tena, likafungwa jingine. Kwa kawaida ni mara tano hadi saba. Wengi hawashindwi na hogo, wanashindwa na safari. Kazi yangu ni kuandika barua ya kuomba michango kila Ramadhani, na haya ndiyo niliyojifunza, mengine kwa aibu.

1. Maelfu hayana uso

Barua ya 2023 niliianza kwa takwimu. Katika kila watoto elfu moja wanaozaliwa, mmoja au wawili huwa na tatizo hili. Nikazidisha kwa nchi nzima, nikapata maelfu, nikajiona nimeandika barua nzito. Mzee mmoja muuza nazi, mkarimu asiye na maneno mengi, aliisoma mbele yangu akanirudishia. "Sasa mwanangu, kwa maelfu yote haya, elfu ishirini yangu itamfikia nani?"

Baadaye nikakutana na utafiti wa Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic, uliochapishwa 2007. Watu walipewa dola 5, wakaombwa wachangie kiasi watakacho. Waliosoma habari za msichana mmoja wa Mali, Rokia, walitoa wastani wa dola 2.38. Waliosoma takwimu za njaa walitoa 1.14. Waliopewa vyote viwili kwa pamoja walitoa 1.43. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonishtua, kwa sababu nilikuwa nimepanga kuweka hadithi juu na takwimu zangu chini yake. Nikazifuta.

2. Mwenye hadithi aisikie kwanza

Ya 2024 ilikuwa na mtoto mmoja tu. Sehemu yake kubwa ni hii:

"Mtoto huyu alizaliwa ng'ambo ya Mto Pangani, nyayo zake zote mbili zikitazamana. Kila wiki, kwa wiki sita, mama yake alipanda bodaboda hadi Bweni, akavuka kwa kivuko, akapanda basi mpaka Tanga. Kwenda na kurudi, pamoja na chakula cha njiani, ni shilingi 26,000. Siku ya kwanza alikaa benchini akihesabu nauli ya kurudi. Leo hogo zimefunguliwa, na nyayo zimenyooka."

Kwenye rasimu yangu, pale benchini mama alikuwa akilia. Nilimsomea nyumbani kwake, akanikatiza: "Mimi sikulia. Nilikuwa nahesabu nauli." Machozi nilikuwa nimeyatia mimi, kwa kuwa barua za namna hii huwa nayo. Maneno yake yalikuwa bora kuliko yangu.

Picha ya uso aliikataa. Kijijini kwao wapo waliosema mtoto kazaliwa hivyo kwa kosa la mama, na hakutaka sura yake izunguke kwenye simu za watu. Tukapiga picha ya nyayo peke yake. Tangu hapo hatuombi ruhusa kwenye korido ya hospitali, wala haombi yule anayetoa nauli. Mtu akiwa ameshikiwa nauli yake ya kurudi nyumbani, "ndiyo" yake ina thamani gani? Anakwenda mwenzetu mwingine, matibabu ya hogo yakishakwisha, na anamweleza mama kwamba akikataa nauli haikatwi.

3. Mtoaji wa Ramadhani ana swali lake

Swali lenyewe ni: hii ni zaka au sadaka? Mwaka wa kwanza sikuwa na jibu. Sadaka ni hiari na mlango wake ni mpana. Zaka ina wanaostahiki, makundi manane yaliyotajwa katika Sura ya Tawba, na masheikh wetu wengi wanataka imfikie maskini mkononi mwake, iwe mali yake. Kwa hiyo nauli anayokabidhiwa mama asiye na uwezo inakaa vizuri kwenye zaka. Umeme wa ofisi na vocha ya simu yangu havikai. Baada ya kumuuliza sheikh tulifungua namba mbili za kulipia, moja ya zaka na nyingine ya sadaka, na daftari likagawanywa vilevile. Ni usumbufu, lakini hakuna aliyeuliza tena.

Na barua itoke mapema. Ile ya kwanza niliituma tarehe 25 ya mfungo, watu wakiwa madukani wakitafuta nguo za sikukuu za watoto wao, na wenye zaka walikwisha kuigawa. Ya pili ilitoka mwishoni mwa Shaabani. Ya kwanza ilileta shilingi 1,150,000, ya pili 3,400,000. Sitadai kwamba ni hadithi iliyofanya kazi yote. Huenda kalenda ilifanya nusu yake.

4. Hadithi isiishie penye uzuri

Hili ndilo lililotugharimu. Rudi uisome ile barua: inaishia nyayo zimenyooka. Mwisho mzuri, na msomaji anafunga barua akijua kazi imekwisha. Haijaisha. Watoto wengi baada ya hogo hukatwa kano ya juu ya kisigino, wakafungwa hogo la mwisho kwa wiki tatu. Halafu huja viatu viwili vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, vya kuvaliwa saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha usiku na usingizi wa mchana mpaka mtoto afike miaka minne au mitano. Mguu ukiachwa, unarudi ulikotoka.

Miezi minane baada ya barua ile, fedha za safari za viatu zilipungua. Nikawapigia waliochangia, wakaniambia kwa upole, "Si mlisema alishapona?" Katika muda huohuo mtoto mwingine tuliyekuwa tukimhudumia aliacha viatu. Alikuwa analia usiku, majirani wakasema mguu umenyooka, wa nini kumfunga, na nauli ya kwenda kuuliza haikuwepo. Mama yake alipomleta, kisigino kilikuwa hakigusi tena chini, na mtoto alikanyagia ukingo wa nje wa unyayo. Akaanza hogo upya. Fedha iliyotumika ilizidi ile ambayo ingemweka kwenye viatu.

Barua ya 2025 ikamrudia mtoto yuleyule wa ng'ambo ya Pangani, safari hii ikiishia hivi: "Anatembea mchana. Usiku analala na viatu vyake, na atalala navyo mpaka afike angalau miaka minne. Kila mwaka ana safari nne za hospitali, shilingi 104,000." Haikuleta fedha nyingi kuliko ya mwaka uliotangulia; ilileta pungufu kidogo. Ila watu kumi na mmoja walijiandikisha kutuma kidogo kila mwezi, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Mmoja wao ni yule mzee wa nazi. Aligawa 104,000 kwa miezi kumi na miwili, akaikamilisha iwe 9,000. Mtoto amevuka miaka miwili, ameshabadilishiwa viatu mara mbili kwa kukua, na nauli yake ya mwaka huu imekwisha kulipwa yote.