Nguvu ya Dawa: Neno Moja, Dhana Mbili

Msemaji wa Kiswahili asemapo kuwa dawa fulani "ina nguvu", hatujui amekusudia nini. Katika famakolojia neno hilo hubeba dhana mbili zisizopaswa kuchanganywa. Makala haya yanapendekeza istilahi *ukali* kwa dhana ya kwanza na *uwezo* kwa ya pili, na kuzijaribu kwa dawa za jamii ya afyuni.

Tuanze na mofini. Molekuli zake hushika vipokezi vilivyomo katika ubongo na uti wa mgongo na kuviamsha. Kwa hiyo tutaiita *kiamshi*. Tukipanga dozi kwenye mstari wa mlalo, kwa vipimo vya logi, na mwitiko kwenye mstari wa wima, tunapata mchoro wa umbo la S. Mchoro huo huanza chini, hupanda, kisha hulala kileleni, mahali ambapo kuongeza dozi hakuongezi mwitiko. Ukali husomwa kwenye mlalo, yaani ni dozi gani iletayo nusu ya mwitiko wa kilele. Uwezo husomwa kwenye wima, yaani kilele chenyewe kina kimo gani.

Mikrogramu 100 za fentanili hutuliza maumivu takriban sawa na miligramu 10 za mofini. Fentanili basi ni kali mara 100, lakini mchoro wake umesogea kushoto tu. Ukali huo peke yake si ubora; unadai tu dozi ndogo, na anayesoma miligramu badala ya mikrogramu atakuwa amezidisha dozi mara 1,000.

Buprenofini ndiyo inayofichua udhaifu wa neno *nguvu*. Miligramu 0.3 zake kwa sindano hukaribia miligramu 10 za mofini, hivyo ni kali zaidi. Hata hivyo ni *kiamshi nusu*: huvishika vipokezi kwa uthabiti, lakini huviamsha kwa kiasi, na athari yake ya kudhoofisha pumzi hufikia dari. Akipewa mapema mno mtu ambaye heroini ingali mwilini mwake, huiondoa vipokezini na kuamsha kidogo kuliko ilivyoamsha heroini, naye huingia katika kile ambacho watumiaji wenyewe hukiita arosto.

Naloksoni ni *kipinzani*. Hushika kipokezi bila kukiamsha, na uwezo wake ni sifuri. Ikiwepo, mchoro wa mofini husogea kulia huku kilele kikibaki palepale, kwa kuwa dawa hizi mbili hugombea nafasi ileile na mofini nyingi zaidi yaweza kuirejesha. Hapa mchoro unaeleza jambo la wodini. Naloksoni ya mshipa hudumu kwa dakika 30 hadi 90 hivi, ilhali mofini hudumu kwa saa kadhaa. Mgonjwa aliyezinduka na kuzungumza anaweza kuacha kupumua tena baada ya saa moja, bila kuongezewa dawa yoyote.