Thamani ya p Haisemi Wanayoisingizia

Barua za wanafunzi wa takwimu wa Morogoro zimekuwa nyingi, na karibu zote zatokana na zoezi la namna moja. Zile zinazouliza namna ya kukokotoa nimeziweka kando, kwa kuwa hesabu hiyo kompyuta huimaliza mara moja. Nitajibu zile zinazohusu maana, kwani ndipo penye maangamizi. Ili tusemezane juu ya jambo moja, tuchukulie mfano huu, ambao tarakimu zake nimezibuni kwa ajili ya mafunzo: katika miteremko ya Uluguru kuna jozi 16 za vipande vya shamba la mahindi, kila jozi ikiwa na kipande kimoja chenye matuta ya ngazi na kingine kisicho nayo. Wastani wa tofauti ya mavuno ni tani 0.30 kwa hekta kwa upande wa matuta, na kosa sanifu ni 0.15. Hapo t ni 2.0, thamani ya p ni 0.064, na masafa ya kuaminiwa ya asilimia 95 yanaanzia −0.02 hadi 0.62.

Mwalimu, p ikiwa 0.064, je, uwezekano kwamba matuta hayana athari ni asilimia 6.4? (Barua nne, kutoka Mazimbu, Kihonda na Mzumbe)

Sivyo, na dhana hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu imeenea hata katika tasnifu zilizokwisha kupitishwa. Thamani ya p hukokotolewa kwa kuchukulia kwanza kwamba matuta hayana athari yoyote. Kisha huulizwa, ikiwa ndivyo, bahati peke yake ingeleta mara ngapi tofauti kubwa kama hii au kubwa zaidi, kwa upande wowote. Jawabu ni mara 64 hivi katika 1,000. Basi kitu kilichokwisha kuchukuliwa kuwa kweli kabla ya hesabu kuanza, hesabu hiyohiyo haiwezi kukipimia uwezekano wa kuwa kweli.

Anayetilia shaka na afikiri juu ya mbinu 200 za kilimo zinazojaribiwa, ambazo 20 tu ndizo zenye athari. Majaribio yakiwa na nguvu ya kugundua asilimia 80, yatazigundua 16; na katika zile 180 zisizofaa, kwa kiwango cha 0.05, tisa zitapita kwa bahati tu. Zilizopita jumla ni 25, na tisa kati yake, yaani asilimia 36, ni za uongo, ingawa kila moja ilipita chini ya 0.05. Kiasi hicho chategemea mbinu ngapi zilikuwa na athari tangu mwanzo, na nguvu ya majaribio yenyewe, mambo ambayo thamani ya p haiyajui.

Maadamu 0.064 inazidi 0.05, niandike kwamba matuta hayana faida?

La. Kukosa ushahidi wa kutosha si ushahidi wa kutokuwapo. Yatazame masafa: data hii yapatana na hasara ndogo ya tani 0.02, na yapatana vilevile na faida ya tani 0.62. Anayeandika "hakuna faida" amelitupa hilo la pili bila idhini ya data. Kumbuka pia kwamba ukubwa wa faida hupimwa kwa gharama: mwaka 1955 Waluguru walisimama kuipinga amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta ya ngazi, na uzito wa kazi hiyo ulikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Ikiwa kazi ya matuta hailipi ila kwa nyongeza ya tani 0.40, basi masafa yako hayajaamua lolote, nawe useme hivyo.

Je, kuna uwezekano wa asilimia 95 kwamba wastani wa kweli umo kati ya −0.02 na 0.62?

Jerzy Neyman, aliyeiasisi njia hii mwaka 1937, hakuahidi hivyo. Asilimia 95 ni sifa ya njia: jaribio likirudiwa mara nyingi, masafa 95 hivi katika kila 100 yatauzunguka wastani wa kweli. Haya uliyonayo ama yameuzunguka ama hayakuuzunguka.

Mchambuzi wa kulipwa amenishauri nigeuze jaribio liwe la upande mmoja, p ishuke hadi 0.032. Nifuate?

Huo ni udanganyifu. Upande huamuliwa kabla ya data kuonekana.

Basi niandike nini?

Andika: "Matuta yalikadiriwa kuongeza tani 0.30 kwa hekta (masafa ya asilimia 95: −0.02 hadi 0.62; p = 0.064), lakini jozi 16 hazikutosha kutenga faida kubwa na kutokuwapo kwa faida." Kisha eleza jinsi vipande vilivyogawiwa matuta, kwa maana ikiwa mkulima ndiye aliyechagua kuyachimba penye udongo mzuri, hakuna thamani ya p itakayolisahihisha hilo.