Tensiometa: namba moja, udongo wa aina mbili

Sindano ya tensiometa haituonyeshi kiasi cha maji kilicho ndani ya udongo. Inaonyesha nguvu ambayo mizizi inatumia ili kuyavuta. Ndiyo maana namba moja haina maana moja kila pahali.

Tuchukue mashamba mawili ya tomati. Tensiometa zimesimikwa sentimita 30 chini, na asubuhi mapema zote mbili zinaonyesha santibari 30.

Shamba la udongo wa mchanga: tumekwisha chelewa, tunyweshee leo hii. Mchanga una matundu makubwa, unaachilia maji upesi. Ukipita 25, yanabaki kidogo sana. Hapo tuanze kunyweshea sindano ikiwa kati ya 15 na 25.

Shamba la udongo tifutifu: tungoje. Matundu yake madogo yangali yanashika maji ambayo mizizi inaweza kuvuta. Tunyweshee ikifika 40 mpaka 50.

Angalisho: udongo ukikauka kupita 80 hivi, hewa inaingia ndani ya tensiometa na sindano inarudi karibu na 0, kama vile kuko maji mengi. Tuchimbe kidogo, tushike udongo kwa mkono. Kama ni mkavu, tunyweshee kwanza, kisha tujaze tensiometa maji na kufunga kifuniko vizuri.