SOMO LETU: Tujumlishe Kura Wenyewe

Siku za uchaguzi simu zetu hujaa picha za matokeo. Mtu hupiga picha ya jedwali kwenye skrini, anaituma kwa kikundi, na kabla ya jioni kijiji kizima kinasema kura zimeibwa, ama kinasema kila kitu kiko sawa. Waliojumlisha huwa wachache sana. Katika somo hili tutakagua jedwali moja mstari kwa mstari, halafu tutafute asilimia na tofauti ya kura. Unahitaji karatasi, kalamu na kikokotoo cha simu tu.

Hatua ya kwanza: Nakili jedwali

Usifanye hesabu ukiwa umekodolea picha macho. Andika tarakimu zote kwenye karatasi. Kuza picha unaponakili, kwa maana 3 hufanana na 8, na 1 hufanana na 7. Angalia pia kingo za picha. Ikiwa safu ya mgombea mmoja imekatwa, karibu kila mstari utapungukiwa, na kosa hilo litakuwa la picha, si la fomu.

Hili hapa jedwali la mazoezi. Limepangwa kama Fomu 34B, ile inayoorodhesha vituo vyote vya eneo bunge moja. Vituo na kura hizi tumezitunga kwa ajili ya somo.

| Kituo | Waliosajiliwa | Mgombea 1 | Mgombea 2 | Mgombea 3 | Kura halali | Zilizokataliwa |
|---|---|---|---|---|---|---|
| A | 612 | 231 | 187 | 6 | 424 | 4 |
| B | 548 | 198 | 164 | 3 | 356 | 5 |
| C | 689 | 402 | 95 | 8 | 505 | 7 |
| D | 430 | 146 | 203 | 5 | 454 | 2 |

Hatua ya pili: Kagua kila mstari

Jumlisha kura za wagombea, kisha linganisha na safu ya kura halali. Kituo A: 231 + 187 + 6 = 424. Sawa. Kituo C: 402 + 95 + 8 = 505. Sawa pia.

Kituo B tunapata 365, lakini pameandikwa 356. Tofauti ni 9. Hapa kuna dalili ambayo wahasibu huijua: tarakimu mbili zilizo jirani zikibadilishana nafasi, tofauti hugawanyika kwa 9 bila kubaki kitu. Basi huenda karani aliandika 56 badala ya 65. Ni dalili tu, si ushahidi.

Kituo D tunapata 354, na pameandikwa 454. Tofauti ni 100 kamili, kwa hiyo shuku tarakimu ya mamia. Sasa fanya ukaguzi wa pili: ongeza kura zilizokataliwa juu ya kura halali. 454 + 2 ni 456, na waliosajiliwa ni 430. Hiyo haiwezekani. Lakini 354 + 2 ni 356, nayo inawezekana.

Weka alama ya kuuliza kando ya B na D, na uandike tarakimu zote mbili: iliyo kwenye picha na uliyoipata wewe. Usirekebishe kimyakimya. Kujumlisha kunakuambia kwamba mstari una kasoro, hakukuambii ni tarakimu ipi iliyokosewa. Jibu liko kwenye Fomu 34A ya kituo chenyewe, ile inayobandikwa mlangoni baada ya kuhesabu. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka picha za fomu hizo kwenye tovuti yake, kila mtu akaweza kuzitazama. Mahakama ya Rufaa iliamua mwaka 2017 kwamba matokeo ya kituo ndiyo ya mwisho, kwa hiyo 34B ikitofautiana na 34A, tunafuata 34A.

Jambo jingine: mstari unaojumlika vizuri bado unaweza kuwa na kosa. Kura za wagombea wawili zikibadilishana mahali, jumla haisemi neno.

Hatua ya tatu: Asilimia na tofauti

Tuseme tumeona Fomu 34A, na kweli B ni 365 na D ni 354. Mgombea 1 ana 977, Mgombea 2 ana 649, Mgombea 3 ana 22. Jumla ni 1,648. Gawanya kura za mgombea kwa jumla hiyo, kisha zidisha kwa 100:

977 ÷ 1,648 × 100 = 59.28
649 ÷ 1,648 × 100 = 39.38
22 ÷ 1,648 × 100 = 1.33

Tofauti ya wawili wa kwanza ni kura 328, yaani pointi 19.90 za asilimia.

Kama tungeamini safu ya kura halali ilivyoandikwa, jumla ingekuwa 1,739, na Mgombea 1 angeshuka hadi asilimia 56.18 bila kupoteza kura hata moja. Tena jumla hiyo imezidi kwa 91 tu, ingawa makosa ni ya 9 na ya 100. Moja linapunguza, jingine linaongeza. Ndiyo maana hatukagui mstari wa chini peke yake.

Kura zilizokataliwa hatukuzitia katika kugawanya. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliamua kwamba asilimia za uchaguzi wa rais hukokotolewa kwa kura halali pekee.

Mbona haifiki 100?

Hebu jumlisha: 59.28 + 39.38 + 1.33 = 99.99. Je, kuna kura iliyopotea? La. Tulikata desimali zikabaki mbili, na vipande vidogo vikaanguka.

Jambo hili liliwahi kutikisa nchi. Matokeo ya urais ya 2022 yalikuwa: William Ruto 7,176,141 (asilimia 50.49), Raila Odinga 6,942,930 (48.85), George Wajackoyah 61,969 (0.44) na David Waihiga Mwaure 31,987 (0.23). Asilimia hizo zikijumlishwa ni 100.01. Tarehe 16 Agosti 2022, makamishna wanne wa IEBC waliliambia taifa kwamba hiyo 0.01 iliyozidi ni kama kura 142,000.

Chukua kikokotoo. Jumla ya kura halali ni 14,213,027. Asilimia 1 yake ni 142,130. Asilimia 0.01 ni 1,421 tu. Na hata hizo 1,421 si kura za mtu yeyote. Kokotoa upya kwa desimali tatu: 50.490, 48.849, 0.436 na 0.225. Jumla ni 100.000 kamili. Kumbe 0.225 na 0.436 zilipandishwa juu kidogo, basi.

Tofauti ya Ruto na Odinga ilikuwa kura 233,211, yaani pointi 1.64.

Kwa hiyo kumbuka: asilimia zikizidi au kupungua kwa 0.01 au 0.02, rudi kwenye kura zenyewe kwanza. Kura hazina desimali. Zisipojumlika, hata kwa kura moja, hapo ndipo penye swali.

Zoezi la kikundi

Kituo E kina waliosajiliwa 516. Mgombea 1 ana 274, Mgombea 2 ana 158, Mgombea 3 ana 6. Kura halali zimeandikwa 483, zilizokataliwa 5. Je, utaweka alama ya kuuliza? Unashuku nini?

*Jibu: Ndiyo. Jumla ni 438. Tofauti ni 45, nayo hugawanyika kwa 9, kwa hiyo huenda 3 na 8 zimebadilishana nafasi. Ukaguzi wa waliosajiliwa haungelionyesha kosa hili, kwa sababu 488 haizidi 516. Tafuta Fomu 34A.*