Miezi 18 Tangu Kutengenezwa: Namna ya Kuhesabu Mwisho wa Chakula cha Pakiti
Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya za Mwanza na visiwani

Tarehe isiyoandikwa

Vyakula vingi vya pakiti huwa na tarehe mbili: ya kutengenezwa, iliyopigwa mhuri karibu na herufi MFD au MFG, na ya mwisho, iliyo karibu na EXP au BB. Hapo kazi ni kusoma tu.

Lakini maziwa ya unga, tambi na vyakula vya makopo mara nyingine huja na tarehe moja tu, ya kutengenezwa. Pembeni, kwa maandishi madogo, lebo inasema kwamba chakula ni bora kwa miezi 18 tangu siku hiyo. Tafuta namba 18 ikifuatiwa na neno MONTHS. Ukiiona, tarehe ya mwisho utaihesabu mwenyewe. Asiyejua hilo huichukua tarehe ya kutengenezwa akadhani ndiyo ya mwisho, akatupa chakula kizima. Mwingine huiona tarehe, akaridhika kwamba ipo, akanunua kilichokwisha muda wake.

Hesabu yenyewe

Miezi 18 ni mwaka mmoja na nusu. Kwa hiyo mwezi husogea kwa 6, na mwaka husogea kwa 1 au 2. Angalia mwezi wa kutengenezwa:

- Kama ni mwezi wa 1 hadi wa 6: ongeza 6 kwenye mwezi, ongeza 1 kwenye mwaka.
- Kama ni mwezi wa 7 hadi wa 12: toa 6 kwenye mwezi, ongeza 2 kwenye mwaka.

Tarehe ya siku inabaki ilivyo. Pakiti ya tambi iliyotengenezwa 12/04/2025 inafika 12/10/2026. Iliyotengenezwa 12/09/2025 inafika 12/03/2027. Viwanda vingine hupiga mhuri wa siku moja nyuma, yaani 11 badala ya 12. Hilo si kosa. Ukihesabu mwenyewe, shika siku iliyotangulia.

Usihesabu kila mwezi kuwa siku 30. Miezi 18 ya namna hiyo ni siku 540, wakati miezi 18 ya kalenda ni siku 546 au zaidi.

Siku isiyokuwepo kwenye kalenda

Ugumu unakuja pakiti ikitengenezwa mwisho wa mwezi. Tuchukue mama wa Nansio, Ukerewe, aliyevuka kuja Mwanza tarehe 20/11/2025 kununua mahitaji ya nyumbani. Kwenye duka la jumla anakuta katoni ya makopo 12 ya maziwa ya unga kwa bei ya kuvutia. Kopo lina mhuri mmoja, MFD 31/08/2024, na lebo inataja miezi 18.

Mwezi wa 8 uko kwenye kundi la pili. Anatoa 6, anapata mwezi wa 2. Anaongeza 2 kwenye mwaka, anapata 2026. Jibu linakuwa 31/02/2026, siku isiyokuwepo. Ikitokea hivyo, rudi kwenye siku ya mwisho ya mwezi huo. Mwaka 2026 Februari ina siku 28, basi mwisho ni 28/02/2026. Usiisogeze mbele kwenda mwezi wa 3, kwa kuwa utakuwa umekipa chakula siku ambazo mtengenezaji hakukipa. Vivyo hivyo, kilichotengenezwa 31/03 kinaishia 30/09 ya mwaka unaofuata.

Sasa anajua kwamba kuanzia siku ya kununua amebakiwa na siku 100. Kaya yake humaliza kopo moja kwa wiki tatu, yaani siku 21. Makopo manne yatakwisha kwa siku 84. La tano lingemalizika siku ya 105, tarehe ikiwa imeshapita. Kwa nyumba yake, ununuzi sahihi ni makopo manne. Katoni nzima, hata kwa bei ya chini, ingemwachia makopo manane ya kutumia nje ya muda.

Siku ipi, mwezi upi?

Kwetu huandikwa siku, mwezi, mwaka. Bidhaa za kutoka nje huweza kuanza na mwezi, na nyingine huanza na mwaka. Mhuri 05/09/2024 unaweza kuwa tarehe 5 mwezi wa 9, au tarehe 9 mwezi wa 5.

Kama pakiti ina tarehe zote mbili, miezi 18 ndiyo itakayokuamulia. Tuseme imeandikwa MFD 05/09/2024 na EXP 04/03/2026. Ukianza na siku, ni kutoka tarehe 5 mwezi wa 9 mwaka 2024 hadi tarehe 4 mwezi wa 3 mwaka 2026: miezi 18 kamili. Ukianza na mwezi, ni kutoka tarehe 9 mwezi wa 5 hadi tarehe 3 mwezi wa 4, karibu miezi 23. Haikubaliani na lebo, basi usomaji wa kwanza ndio sahihi.

Hesabu hiyo hiyo hufichua mhuri uliochezewa. Kama kila usomaji unakataa kutoa miezi 18, au wino umefutika kwenye tarehe ya mwisho pekee, au kuna stika juu ya mhuri, usinunue.

Kama mhuri wa kutengenezwa una mwezi na mwaka tu, mfano 09/2024, huwezi kujua siku. Chukua kwamba kilitengenezwa tarehe 1, ukimalize kabla mwezi wa 3 mwaka 2026 haujaanza. Lakini kama kiwanda chenyewe kimeandika BB 03/2026, hesabu mpaka mwisho wa mwezi huo wa 3.

Pale hesabu inapokoma

Miezi 18 ni ahadi ya pakiti iliyofungwa na kutunzwa mahali pakavu pasipo joto kali. Katoni iliyolowa kwenye boti, au iliyokaa chini ya bati linalochoma mchana kutwa, haina tena muda wote huo. Maziwa ya unga yaliyoingiwa na unyevu hushikana mabonge. Yaliyopata joto hubadilika rangi kuwa ya manjano na kutoa harufu ya mafuta yaliyochacha. Yatupe, hata kama tarehe bado.

Ukishafungua pakiti, fuata maelezo ya matumizi baada ya kufungua. Kopo lililovimba, linalovuja au linalorusha povu likifunguliwa, usilionje kabisa: linaweza kuwa na sumu ya bakteria isiyobadili ladha wala harufu.

BB inahusu ubora: baada yake ladha, harufu na virutubisho vinaanza kupungua. EXP ni mwisho wa kutumia. Kwa maziwa ya watoto wachanga usitofautishe. Tarehe ikifika, yasitumike, kwa sababu mtoto anayategemea kwa virutubisho vyote.

Ukifika nyumbani

Andika tarehe uliyoihesabu kwa kalamu ya wino mzito mbele ya pakiti, ili hata mtoto anayetumwa jikoni aione. Panga ya karibu kuisha mbele, ya mbali nyuma.

Ukigundua umeuziwa kilichopita muda, kirudishe dukani pamoja na risiti. Ukikuta bado kinauzwa, au mhuri umebadilishwa, toa taarifa kwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lililokabidhiwa usimamizi wa usalama wa chakula mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA. Peleka pakiti yenyewe, usiitupe: mhuri ulio juu yake ndio ushahidi, na namba ya toleo ndiyo itakayowaonyesha wakaguzi katoni nyingine za kuondolewa madukani.