Dondoo Muhimu: Fasili Legelege ya Osmosisi na Alama Yake

Kabla ya kupima maneno ya mtahiniwa, msahihishaji hutenga mambo matatu yanayoifanya osmosisi, yaani mwendo wa maji kupitia utando unaopitisha baadhi ya vitu na kuzuia vingine, itofautiane na mtawanyiko wa kawaida: kinachosafiri ni maji, hupita kwenye utando huo, na huelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi iliyoyeyuka.

Mtahiniwa akiandika kwamba "maji hupenya ngozi nyembamba ya seli kwenda kwenye chumvi nyingi", alama ni haki yake, kwa kuwa "ngozi nyembamba ya seli" haiwezi kueleweka vingine ila utando, na chumvi, ingawa ni mfano tu, imeonyesha mwelekeo sahihi.

Ugumu hasa umo katika jibu lisemalo kwamba maji hutoka "penye ukolezi mdogo kwenda penye ukolezi mkubwa", kwa sababu halitaji ni ukolezi wa kitu gani. Likimaanisha ukolezi wa chumvi ni sahihi, likimaanisha wa maji limegeuza mwelekeo. Hapo alama ya mwelekeo hutolewa pale tu ambapo sentensi nyingine, au mchoro wa jibu hilohilo, umeondoa utata. Jibu linalosema "chembe husambaa kutoka penye wingi kwenda penye uchache" halistahili alama, hata likiwa fasaha, maana limeeleza mtawanyiko.