"Kwani" Isiyokuwa "Kwa Sababu": Kialama cha Usemi na Mipaka ya Maana ya Kikamusi

1.0 Utangulizi

Katika vitabu vya sarufi ya Kiswahili, neno *kwani* huainishwa kwa kawaida miongoni mwa viunganishi, na maana yake huelezwa kuwa ni "kwa sababu". Maelezo hayo yanatosheleza sentensi (1), lakini hayafui dafu mbele ya sentensi (2):

(1) Hakuja kwani alikuwa mgonjwa.
(2) Kwani wewe ni nani?

Ukiweka "kwa sababu" mahali pa *kwani* katika (2), sentensi huharibika. Ukiweka "kwa nini", kama inavyopendekezwa mara nyingine, matokeo ni yale yale: "*Kwa nini wewe ni nani?" haisemeki. Hata hivyo, hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayetatizika kuielewa (2). Makala haya yanachunguza *kwani* ya aina hii ya pili na kuonyesha kuwa ugumu wa kuifasili hautokani na upungufu wa visawe. Unatokana na aina ya maana inayobebwa na neno lenyewe.

2.0 Majaribio matatu

Jaribio la kwanza ni la udondoshaji. Linganisha "Juma ameondoka?" na "Kwani Juma ameondoka?" Ikiwa Juma ameondoka, jibu la maswali yote mawili ni "Ndiyo", ikiwa hajaondoka, ni "La". *Kwani* haijaongeza chochote katika jambo linaloulizwa. Hata hivyo, maswali haya hayawezi kubadilishana nafasi. Karani anayejaza fomu za wagonjwa humwuliza kila mmoja, "Una miaka mingapi?" Akiuliza, "Kwani una miaka mingapi?", mgonjwa atahisi kuwa ametiliwa shaka, au kuwa kuna jambo alilolisema au kulitenda ambalo halilingani na umri wake. Kinachobadilika ni hali inayoruhusu swali kuulizwa, wala si swali lenyewe.

Jaribio la pili ni la ukanushaji wa msikilizaji. Aliyeambiwa "Hakuja kwani alikuwa mgonjwa" anaweza kuipinga sababu hiyo: "La, si kwa sababu ya ugonjwa, alikosa nauli." Lakini aliyeulizwa "Kwani Juma ameondoka?" hana njia ya kuipinga *kwani* kwa kusema "ndiyo" au "la", kwa kuwa majibu hayo humhusu Juma peke yake. Akitaka kuigusa *kwani*, hana budi kuliacha swali na kumgeukia muulizaji: "Mbona unashangaa? Si nilikuambia jana?"

Jaribio la tatu ni la usemi wa taarifa. Kiulizi *kwa nini* huhamia katika usemi wa taarifa bila shida: "Aliuliza kwa nini Juma ameondoka." Kiunganishi *kwani* nacho huhamia: "Alisema kwamba hakuja kwani alikuwa mgonjwa." *Kwani* ya swali hukataa: "*Aliuliza kama kwani Juma ameondoka." Mwenye kuripoti hulazimika ama kuiacha, ama kuieleza kwa maneno mengine: "Aliuliza kwa mshangao kama Juma ameondoka." Huu ni ushahidi kuwa *kwani* hii imefungamana na tendo la kuuliza lenyewe, mahali linapotendeka na baina ya watu wanaohusika. Tendo hilo likigeuzwa kuwa habari tu, *kwani* hukosa pa kushika.

3.0 Maana kama maagizo

Mwaka 1987 Diane Blakemore alipendekeza kuwa kuna maneno yanayobeba dhana na kuna mengine yanayobeba maagizo ya namna ya kuzifasiri dhana hizo. *Nyumba* na *kimbia* ni ya kundi la kwanza. *Kwani* ya swali inaelekea kuwa ya kundi la pili. Agizo lake kwa msikilizaji laweza kuelezwa hivi: swali hili limezuka kutokana na jambo lililodokezwa punde hivi, kwa maneno au kwa vitendo, nami sikuwa nimelikubali, litafute jambo hilo.

Maelezo haya yana faida moja kubwa. Mara nyingi husemwa kuwa *kwani* huonyesha mshangao, pingamizi au dharau, kana kwamba ina maana tatu. Chukua mama anayerejea nyumbani asubuhi ya Jumatatu na kumkuta mwanawe sebuleni. Akisema "Kwani leo hamna shule?", kuwapo kwa mtoto kumedokeza kuwa shule imefungwa, jambo ambalo ni geni kwa mama, huo ni mshangao. Mtoto akimwamrisha dadake amletee maji, na dada akajibu "Kwani mimi ni mtumishi wako?", amri imedokeza jambo ambalo dada analiona kuwa la uongo, hilo ni pingamizi. Agizo ni lile lile. Kilichotofautiana ni msimamo wa mwulizaji kuhusu jambo lililodokezwa, na msimamo huo hutoka katika muktadha.

Tofauti ya *kwani* na *mbona* pia hubainika hapa. Mama angesema "Mbona hukwenda shule?", angekuwa ameshakubali kuwa mtoto hakwenda, na angekuwa anadai sababu. Akisema "Kwani hukwenda shule?", suala la kwenda au kutokwenda lenyewe bado li wazi.

4.0 Athari katika tafsiri

Suala hili si la nadharia pekee. Katika mahakama za Kenya, maneno yanayosemwa kwa Kiswahili mara nyingi huwekwa katika kumbukumbu kwa Kiingereza. Chukua mfano wa kubuni wa mshtakiwa anayeulizwa, "Kwa nini ulikimbia?" naye akajibu, "Kwani nilikimbia?" Jibu hili halikubali kuwa alikimbia, linalikataa dokezo lililofichwa ndani ya swali la kiongozi wa mashtaka. Mkalimani anayeamini kuwa *kwani* ni "kwa nini" atalitafsiri kana kwamba mshtakiwa amesema "Kwa nini nilikimbia?" Kwa tafsiri hiyo mshtakiwa atakuwa amekiri kukimbia, na anatafuta tu sababu. Mkalimani anayeiacha *kwani* atabakisha "Nilikimbia?", swali la mtu asiyekumbuka. Tafsiri inayofaa yahitaji muundo unaopinga, mathalani "Nani amesema kuwa nilikimbia?", ingawa hakuna hata neno moja humo linalolingana na *kwani*.

Hata maandishi ya Kiswahili chenyewe hayana kinga. "Hakuja kwani alikuwa mgonjwa" na "Hakuja. Kwani alikuwa mgonjwa?" ni mfuatano mmoja wa maneno. Katika mazungumzo hutenganishwa na kituo na kiimbo. Katika maandishi hutegemea nukta na kiulizi tu. Mwandishi akizembea katika uakifishaji, sababu inayotolewa hugeuka kuwa sababu inayotiliwa shaka.

5.0 Hitimisho

*Kwani* ya swali haina kisawe kwa sababu haitaji kitu. Humwelekeza msikilizaji atafute chimbuko la swali. Kwa hiyo, kidahizo chake katika kamusi kingefaa kitenganishwe na kile cha kiunganishi. Badala ya kisawe, kitoe masharti ya matumizi: kwamba hutokea katika swali, kwamba hutanguliwa na neno au tendo lenye dokezo, na kwamba huenda hudondoka katika usemi wa taarifa. Majaribio yaliyotumiwa hapa yanaweza kuelekezwa kwa *kumbe*, *ati*, *hebu* na *basi*, ila matokeo yasitarajiwe kufanana. *Hebu*, kwa mfano, huandamana na amri na ombi, wala si swali kama hili, na kwa sababu hiyo maagizo yake yatahitaji kuchunguzwa kivyake.